Kishindo cha amplifaya ya Baba

Waliosikiliza kipindi kilichopita, kile tulichorikodi sebuleni kwa wazee wangu hapa London, wamekisikia wenyewe. Baba anasema, "Ngojeni niwashe muwasikie Ikhwani Safaa," anabonyeza swichi, halafu: puu! Kisha sauti ya Mama kutoka jikoni: "Bismillahi! Si nilikwambia usikizime kidude hicho?"

Sehemu ile hatukuikata kwa sababu ilituchekesha. Lakini wiki nzima mmekuwa mkiniuliza. Wengi mna amplifaya za wazee wenu, au spika za kurikodia mezani, na zote zinapiga kishindo zikiwashwa au zikizimwa. Mnataka kujua kama ni kitu cha kawaida, kama kinaua spika, na kama dawa yake ni jaa la taka. Kazi yangu ni umeme wa majengo, na redio nimezifungua tangu utotoni, mara nyingi bila ruhusa. Kwa hiyo leo safu hii ni ya kishindo.

Kilichonishtua mimi si kishindo chenyewe bali yale maneno ya Mama. Baada ya kurikodi nilimuuliza Baba, akakiri kwamba karibu mwaka mzima haizimi ile amplifaya. "Nikiiwasha mama yako anaruka, nikiizima anaruka. Basi nimeiacha iwake tu, mwanangu." Nikaweka mkono juu yake. Ilikuwa moto, na juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki, kimeziba matundu yote ya hewa. Nikaipima kwa ile mita ndogo inayochomekwa ukutani: wati 48 bila wimbo wowote kupigwa. Kwa saa 24 hiyo ni yuniti moja na ushei kila siku, tena kwenye mashine ya 1983, usiku na mchana, wazee wamelala. Hapo nikaona mambo haya si ya kuchekea.

Kishindo kinatoka wapi

Amplifaya ya aina ya Baba ina umeme wa pande mbili ndani. Upande mmoja uko volti 40 juu ya sifuri, upande wa pili volti 40 chini ya sifuri, na waya wa spika unakaa katikati, kwenye sifuri yenyewe. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zikilingana nguvu, kitambaa cha katikati hakisogei. Muziki ni pale kitambaa kinapochezeshwa huku na huku kwa makusudi.

Sasa fikiria timu moja imeishika kamba nusu sekunde kabla ya nyingine. Kitambaa kinarushwa upande mmoja, halafu kinarudi. Ndivyo inavyokuwa unapowasha: pande mbili za umeme hazipandi sawasawa, na saketi za ndani hazijajipanga bado. Kwa muda mfupi ile sifuri inakuwa volti kadhaa. Unapozima, kapasita kubwa za umeme zinaisha chaji, lakini haziishi kwa mwendo mmoja, na kitambaa kinarushwa tena. Spika inapokea ule mruko kama ngumi moja, ndiyo maana unaiona wufa ikitokeza nje au kuzama ndani. Twita haipati sana, kwa sababu kwa kawaida ina kapasita yake inayozuia umeme wa kwenda polepole. Ngumi yote inaliwa na wufa.

Watengenezaji wanalijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana amplifaya nyingi nzuri zina relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku, kati ya saketi na spika. Ukiwasha, relei inasubiri sekunde 3 mpaka 5 hadi vurugu ziishe, ndipo inafunga na kukuunganishia spika. Ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia ndani ya boksi ndio wenyewe. Ukizima, inatakiwa iachie mara moja, kabla kapasita hazijaanza kulegea. Kwa hiyo ngumi ipo kila siku, kwenye amplifaya nzima na kwenye mbovu, lakini kwenye nzima mlango umefungwa usiisikie. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonionyesha ugonjwa ulipo.

Kosa la kwanza lilikuwa langu

Nilianzia nje kabla ya kushika bisibisi. Amplifaya, deki ya kaseti na redio vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja yenye swichi moja, na ekstensheni hiyo nilimnunulia mimi, zawadi ya Idi, ili asihangaike kuinama. Baba alikuwa anawasha na kuzima vyote kwa kidole kimoja.

Hapo kuna tatizo. Deki ya kaseti nayo ina mruko wake inapowashwa na inapozimwa, na mruko huo unapita kwenye waya wa sauti hadi kwenye amplifaya. Umeme ukikatwa kwa pamoja, deki inakufa haraka huku amplifaya ingali na chaji tumboni, kwa hiyo inachukua mruko wa deki na kuukuza. Sheria ya vifaa vya sauti ni fupi: amplifaya ni ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa. Anza na deki, au miksa, au kompyuta. Ngoja sekunde kumi. Kisha amplifaya, sauti ikiwa chini. Ukimaliza, zima amplifaya kwanza, ngoja inyamaze, ndipo uzime vingine.

Kwa nyinyi wenye maikrofoni zinazotumia volti 48 kutoka kwenye miksa, sheria ni hiyohiyo. Ukiwasha au kuzima zile volti 48, au ukichomoa waya wa maikrofoni wakati zinawaka, teremsha kwanza sauti ya spika na uvue hedifoni. Kapasita za mlangoni zinahitaji sekunde chache kujaa, na wakati zinajaa mruko unapita.

Nikatenganisha plagi, tukafuata utaratibu. Kishindo kikapungua, kikabaki kama nusu. Kisha nikachomoa waya zote za sauti nyuma ya amplifaya, zote kabisa, nikaacha spika tu. (Waya zile zenye pini ya katikati zichomoe na amplifaya ikiwa imezimwa. Pini ya sauti hugusa kabla ya ganda la nje, kwa hiyo ukiwa umewasha unapata muungurumo wa kutosha kuamsha mtaa.) Nikawasha: puu. Nikazima: puu.

Jaribio hili linagawa tatizo mara mbili bila kufungua kitu. Waya zimetoka na kishindo kimetoka nazo? Ugonjwa uko kwenye deki, miksa au waya. Waya zimetoka na kishindo kimebaki? Uko ndani ya amplifaya yenyewe. Wetu ulikuwa ndani.

Na nilipaswa kulijua mapema. Kama relei ingekuwa inasubiri sekunde zake nne, mruko wa deki wakati wa kuwasha usingefika kwenye spika hata vikiwashwa kwa pamoja. Ungeishia mlangoni. Zawadi yangu ilikuwa imeongeza kelele, lakini mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Nikamwomba Mama azime feni ya jikoni, nikaweka sikio karibu na boksi. Kuwasha: "tik" na puu vilikuja karibu pamoja, hata sekunde moja haikupita. Kuzima: taa ikafifia polepole, puu ikatoka, na baada ya muda ndipo relei ikaachia, "tik". Mlinzi wetu alikuwa anafungua mlango mapema na kuufunga kwa kuchelewa.

Kabla ya kumlaumu mlinzi, hakikisha kwanza kwamba amplifaya yenyewe ni salama. Nilitoa waya za spika, nikaweka multimita kwenye matundu ya spika, upande wa DC, kipimo cha volti 20. Nikawasha na kutazama. Namba iliruka hadi volti kadhaa kisha ikashuka. Baada ya dakika tano nikabadilisha kuwa kipimo cha milivolti 200: kushoto milivolti 12, kulia 31. Chini ya 50 mimi huwa silalamiki. Ikibaki zaidi ya 100 kuna kitu kimeanza kwenda kombo. Ikibaki volti nzima, usirudishe spika hata kwa majaribio. Volti 40 zikisimama kwenye spika ya omu 8 zinapitisha ampea 5, sawa na wati 200 za joto bila noti moja ya muziki, na koili ya wufa inaungua mbele ya macho yako. Kishindo kifupi mara nyingi hakiui spika. Kinachoua ni umeme huu wa kusimama, na yule mlinzi wa relei kawekwa hasa kwa ajili yake.

Nikasikiliza pia kama spika zina muungurumo wimbo ukiwa umesimama. Hapa Uingereza umeme ni wa hezi 50, na kapasita kubwa za ndani zikichoka unasikia muungurumo wa hezi 100 ambao haubadiliki ukiteremsha sauti. Hakukuwa na muungurumo. Kwa hiyo zile mbili kubwa nikaziacha kwanza.

Msikilizaji mmoja aliniambia spika zake zinatoa "tap" hata friji ikijizima. Hiyo ni njia nyingine: cheche ya swichi inapita kwenye waya za umeme. Kwenye amplifaya nyingi kuna kapasita ndogo juu ya swichi ya kuwashia, kazi yake ni kuzima cheche hiyo, na ikichoka unapata mlio mkali wa ghafla hasa unapozima. Mlio wa cheche ni mwembamba na mkavu. Mlio wa pande mbili zisizolingana ni mzito, wa tumboni. Ukibadilisha kapasita hiyo, lazima iwe imeandikwa X2 na volti 275 au zaidi za AC. Ile ya kawaida haikujengwa kukaa kwenye umeme wa ukutani na inaweza kuwaka moto.

Ndani ya boksi

Sasa neno moja la tahadhari, na silisemi kwa mazoea. Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita mbili za Baba ni mikrofaradi 10,000 kila moja, na zinaweza kushika chaji baada ya kuzimwa. Mimi hutumia rezista ya omu 1,000 yenye uwezo wa wati 5, naishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, naigusisha kwenye miguu miwili ya kapasita kwa dakika nzima, kila kapasita kwa zamu yake, kisha napima. Nataka chini ya volti moja. Usitumie bisibisi kupiga shoti: cheche yake inaharibu kapasita na inaweza kukuharibu wewe. Kama haya ni mageni kwako, ishia hapa. Peleka vipimo vyako kwa fundi, naye atakushukuru kwa kumpunguzia nusu ya kazi.

Nilikuwa na mchoro wa saketi kutoka kwenye kitabu cha matengenezo cha amplifaya hiyo. Sehemu ya mlinzi ni ndogo, haizidi kiganja. Muda wake wa kusubiri unatokana na kapasita moja inayojazwa polepole kupitia rezista. Ikifika kiwango fulani, relei inavutwa. Ni kama ndoo chini ya bomba linalodondosha: ukubwa wa ndoo ndio muda. Mchoro unasema mikrofaradi 220. Niliing'oa, nikaipima: 9. Kama 220 zinatoa sekunde 4, basi 9 zinatoa chini ya robo ya sekunde. Ndoo ilikuwa imebaki kikombe cha kahawa. Kapasita za aina hii zina maji ya dawa ndani, na joto huyakausha. Hii ilikuwa imekaa sentimita mbili kutoka kwenye rezista inayochemka, chini ya kitambaa na maua.

Mnaona duara lenyewe? Amplifaya ilianza kupiga kishindo, Baba akaiacha iwake ili kukwepa kishindo, joto la kuwaka siku nzima likaikausha zaidi kapasita, na kishindo kikazidi.

Upande wa kuzima ulinichukua muda zaidi. Mlinzi anajuaje kwamba umezima? Anachungulia umeme moja kwa moja kutoka kwenye transfoma, kupitia dayodi na kapasita ndogo sana. Ndogo kwa makusudi, ili umeme ukikatika iishe upesi na relei iachie wakati zile kubwa bado zimejaa. Mchoro unasema mikrofaradi 10. Kwenye bodi ilikuwepo ya 220, mpya kuliko wenzake, na lehemu yake inang'aa tofauti.

Nikamuuliza Baba. Akafikiri, akasema, "Aa, kuna fundi aliitengeneza zamani, ilikuwa haitoi sauti kabisa. Alinambia kaniwekea kubwa, idumu." Fundi huyo hakuwa na nia mbaya. Kwenye kapasita za kusafisha umeme, kubwa kidogo mara nyingi ni sawa. Lakini hapa kapasita ni saa, na ukiiongezea ukubwa umeichelewesha. Kwa miaka hiyo yote mlinzi alikuwa anaendelea kunywa chai wakati nyumba imeshaporomoka.

Nikaweka ya 220 mpya mahali pa ile iliyokauka na ya 10 mahali pa ile iliyonenepa, zote za kiwango cha joto la digrii 105. Nikaangalia mara mbili alama ya kutoa, kwa sababu ukizigeuza zinavimba na kupasuka. Mbili hizo hazikufika bei ya kikombe cha kahawa ya mjini.

Jaribio la kwanza nililifanya bila spika za Baba. Nilifunga spika kuukuu isiyo na thamani, nikapima tena DC, kisha nikaizima na kuiwasha mara kumi. Kuwasha: kimya, moja, mbili, tatu, nne, "tik". Kuzima: "tik" hapohapo, kisha taa ikafifia peke yake. Hakuna puu. Ndipo nikarudisha spika zake.

Na kama yako haina relei?

Amplifaya nyingi ndogo za bei nafuu hazina mlinzi kabisa. Kishindo kidogo kwao ni maumbile, na mradi DC iko chini baada ya kutulia, ishi nacho. Spika za mezani za kisasa zenye amplifaya ndani hujinyamazisha zenyewe kwa chipu. Zikipiga kishindo, kwanza tazama mpangilio wa kuwasha kabla ya kulaumu spika. Cha kuangalia ni mabadiliko. Kishindo ambacho hakikuwepo mwaka jana, au cha upande mmoja tu, au kinachokuja chenyewe katikati ya wimbo, ni taarifa. Cha katikati ya wimbo mara nyingi ni lehemu iliyopasuka au kiungo kilichoshika kutu, na hapo usisubiri.

Baba sasa anaizima kila usiku baada ya taarifa ya habari. Kitambaa cha kufuma kimehamia juu ya televisheni, ambako kinaning'inia vibaya, na maua yako dirishani. Mama hakuamini mpaka aliposimama mwenyewe mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akamwambia Baba awashe, azime, awashe tena. Baada ya mara ya tatu akasema, "Mbona inachelewa kuimba siku hizi? Umeiharibu?"

Nikamweleza zile sekunde nne. Akasema haya, na akarudi jikoni.

Kama yako bado inapiga, niandikieni majibu ya maswali matatu: kishindo kinabaki ukichomoa waya zote za sauti? "Tik" inakuja lini? Na multimita inasema nini baada ya dakika tano? Nikiwa na hayo naweza kukwambia uanzie wapi. Tuonane wiki ijayo, inshallah.